Mama ameanguka mara mbili, na mara zote hakuwa akienda mbele

Hujambo dada mshauri. Mama yangu ana miaka 76, anaishi nasi hapa Donholm, ghorofa ya pili. Mwezi wa tano alianguka bafuni. Alikuwa kwenye sinki, mjukuu akamwita kutoka sebuleni, akageuka, akajikuta chini. Juzijuzi ameanguka tena nje ya geti akimkwepa mtu wa bodaboda. Pikipiki haikumgusa, alisogea tu kando miguu ikapishana. Tunamshukuru Mungu hakuvunjika, ila kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili na nyonga ya kushoto ilibaki na alama nyeusi.

Ajabu ni kwamba Mama si mtu wa kukaa. Kila jioni alikuwa akitembea nusu saa, dukani na kurudi. Anakunywa dawa za presha, sukari hana. Nilimnunulia mkongojo, anauacha nyuma ya mlango. Kaka yangu anasema tumzuie kutoka, atulie nyumbani. Lakini naona tangu aanze kukaa ndani anashika ukuta hata akienda chooni. Nimesikia kuna mazoezi ya nyumbani ya kuzuia kuanguka. Mimi huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, mchana yuko na dada wa kazi. Je, yanafaa kwa umri wake? Tuanze wapi?

Binti, Donholm

* * *

Binti wa Donholm,

Pole kwa Mama, na asante kwa kueleza namna alivyoanguka. Wengi huniandikia kwamba mzee ameanguka, wakaishia hapo, na mimi nabaki sina pa kushika. Wewe umenipa jambo lenyewe. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya huko kugeuka na huko kusogea kando, kwa hiyo nipe nafasi nieleze kidogo kabla hatujafika kwenye mazoezi.

Bila shaka umewahi kusimama ndani ya matatu dereva akafunga breki ghafla. Kabla hujawaza lolote, mguu mmoja umeshatoka, umekanyaga mbele, na mwili umetulia juu yake. Hatua hiyo moja ndiyo inayomwokoa mtu, na katika kazi yangu ya fiziotherapia huiita hatua ya kuokoa. Umri ukisonga inaharibika kwa namna tatu. Mguu huchelewa kuinuka. Hatua huwa fupi, ikahitaji ya pili na ya tatu. Na ikiwa ni ya kwenda kando, mguu mmoja hupita mbele ya mwenzake na kuugonga.

Kwenda kando ndiko kugumu zaidi. Ili mguu wa kulia utoke, uzito wote lazima kwanza uhamie mguu wa kushoto, na nyonga ya kushoto iubebe bila kulegea hadi mguu ule ufike chini. Kazi hiyo ni ya misuli ya ubavuni mwa nyonga, chini kidogo ya pale tunapofungia mshipi. Kutembea kwenda dukani hakuifundishi misuli hiyo kubeba kwa ghafla, wala hakumfundishi Mama kurudi nyuma au kukwepa. Ndiyo maana mtu anayetembea kila siku anaweza kuangukia bafuni kwake. Na ile alama nyeusi imenitia wasiwasi kuliko kifundo cha mkono. Anayeanguka kwa ubavu hutua juu ya mfupa wa nyonga, na hivyo ndivyo nyonga nyingi za wazee huvunjika.

Kuhusu umri, ondoa shaka. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikusanya majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 76, umri wa Mama kabisa. Waliochanganya mazoezi ya usawa wa mwili na ya nguvu za miguu walianguka pungufu kwa takriban theluthi moja. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2017, ulitazama mazoezi ya kukanyaga hatua na kukuta kuanguka kumepungua kwa karibu nusu. Kutembea peke yake hakujaonyesha faida hiyo. Mwache Mama atembee kwa ajili ya moyo wake na kuwaona wenzake, ila usihesabu matembezi hayo kuwa ni kinga ya kuanguka. Na kaka yako umwambie kwa upole kwamba ukuta anaoushika Mama sasa ni matokeo ya kukaa. Miguu isiyobeba hudhoofika, na kwa umri huo hudhoofika haraka.

Sasa, kabla ya zoezi lolote, kuna jambo la presha. Mpeleke kliniki ya mtaa, au tumia mashine yenu kama mnayo. Alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi presha yake inaanguka anaposimama, na hakuna zoezi la miguu litakalotibu hilo. Daktari wake ndiye atakayepanga dawa upya. Beba dawa zote anazokunywa, pamoja na za usingizi na zile za mafua zinazoleta usingizi, maana hizo nazo huangusha watu. Msimwachishe dawa yoyote wenyewe. Pia mwulize kwa utulivu kama siku ile ya bafuni anakumbuka kufika chini. Akisema hakumbuki, au mguu mmoja umekuwa dhaifu ghafla kuliko mwingine, hospitali kwanza, mazoezi baadaye.

Presha ikiwa sawa, nunua daftari la shule na uandike namba mbili za kuanzia. Ya kwanza: mkalishe kwenye kiti cha mezani kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukiwa ukutani, mikono ameikunja kifuani. Hesabu ni mara ngapi anasimama wima na kukaa ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 akishindwa kufikisha mara 10, miguu yake iko chini ya wastani wa rika lake. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika sifuri bila kumwonea haya, ndipo mtakapoanzia. Ya pili: asimame karibu na kabati la jikoni, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine kama anayetembea juu ya mstari, kisha aachilie. Akishindwa kukaa hivyo sekunde 10, yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka. Wewe simama ubavuni mwake muda wote.

Mahali pa kufanyia pawe jikoni, mbele ya sinki au kabati la saruji lisilosogea, na nyuma yake uweke kiti kizito. Meza ndogo ya sebuleni haifai, itakwenda naye. Sakafu iwe kavu kabisa. Najua dada wa kazi hupiga deki asubuhi, basi zoezi lingoje hadi vigae vikauke. Avae raba au kiatu cha kisigino kifupi kinachoshika mguu wote. Slipa hapana, na soksi peke yake hapana.

Zoezi lenyewe la hatua ni hili. Chukua utepe wa kubandika, weka alama mahali anaposimama, kisha nyingine nne kumzunguka, kila moja sentimita 30 kutoka ukingo wa mguu: mbele, kulia, nyuma, kushoto. Sasa amesimama katikati ya saa ya ukutani. Mbele ni saa sita, kulia ni saa tisa, nyuma ni saa kumi na mbili, kushoto ni saa tatu. Wewe unaita, yeye anakanyaga. Ukisema tisa, mguu wa kulia unatoka, unakanyaga alama, unabeba mwili, unarudi katikati kwa hatua moja. Ukisema tatu, ni mguu wa kushoto. Sita na kumi na mbili abadilishe miguu. Mbele yake pawe na kabati la kushika, lakini alama ya saa sita ibaki na nafasi ya kukanyagwa, kwa hiyo mpange asimame kwa ubavu ikiwa jikoni ni kadogo.

Yote yamo katika yale maneno, unabeba mwili. Kuna mzee wa Kaloleni niliyemhudumia, miaka 79, mtu mpole asiyependa kushindwa. Jioni ya kwanza alikanyaga alama zote bila kosa na binti yake akapiga makofi. Mimi nilikuwa nikitazama viatu. Ncha ya kiatu cha kulia iligusa utepe, ikarudi, kama mtu anayepima maji ya kuoga kwa kidole. Nikamwambia, "Mzee, nenda tena saa tisa, ubaki hapo hapo, kisha uinue kisigino cha kushoto." Kisigino hakikuinuka. Uzito wote ulikuwa umebaki kule alikotoka. Siku ya kusukumwa, hatua kama ile haimshiki mtu, inamwonyesha tu upande atakaoangukia. Tulikaa wiki nzima kwenye kukanyaga, kubaki, kuinua kisigino, ndipo tukarudi. Mfanyie Mama jaribio hilohilo kila jioni. Sikiliza pia sakafu: hatua iliyobeba uzito ina kishindo kidogo, na ya kugusa tu haina sauti.

Makosa mengine utayaona mwenyewe ukijua pa kutazama. Akitoka kwa hatua mbili fupi badala ya moja, sogeza alama karibu hadi aweze kwa moja, kisha uzirudishe kidogo kidogo. Akiinamisha kichwa kutafuta utepe, mwombe atazame kabati na akuamini wewe useme kama amefika. Akikaza mkono kwenye kabati hadi vidole vibadilike rangi, basi mikono ndiyo inayofanya zoezi. Na hatua ya nyuma itakuwa fupi kuliko zote, ni hivyo kwa karibu kila mtu, kwa hiyo unapoita kumi na mbili sogea karibu zaidi. Mfunge mshipi mpana juu ya gauni, kiunoni, nawe simama ubavuni kwa nyuma kidogo, mkono wako ukiwa kwenye mshipi. Usimshike mkono wala bega. Mzee akiyumba ukamvuta mkono, unaweza kumteguza bega na bado akaanguka.

Wiki mbili za kwanza ita kwa mpangilio, sita, tisa, kumi na mbili, tatu, mkono mmoja ukiwa kwenye kabati. Raundi tano, apumzike dakika moja akiwa ameketi, raundi tano tena. Zinazofuata ashike kwa vidole viwili, nawe uanze kuchanganya saa bila mpangilio. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kwa sababu bodaboda haimwambii mtu inatokea upande gani. Kuanzia wiki ya tano sogeza alama nje kwa sentimita tano na umtake atoke haraka mara tu anaposikia. Baada ya wiki ya saba mpe kazi ya kichwa huku akikanyaga: ahesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa tatu tatu, au ataje majina ya wajukuu wote wa ukoo. Mama aliangukia bafuni wakati akili yake iko kwa mjukuu, basi lazima ajifunze kukanyaga wakati akili iko kwingine. Baadaye abebe kiondo chepesi mkono mmoja. Mjukuu anaweza kuwa ndiye anayeita saa, na wazee hulipenda sana hilo, lakini wa kumshika awe mtu mzima.

Usipande kwa kuangalia kalenda. Panda anapomaliza jioni mbili mfululizo bila kudaka kabati na bila hatua ya ziada. Akidaka mara tatu katika raundi moja, rudi ngazi iliyotangulia, na ikiwa amechoka siku hiyo malizeni kwa kukaa.

Usawa wa mwili hauna mengi. Asimame miguu pamoja, kisha mguu mmoja nusu hatua mbele, kisha kisigino kwa vidole, mwishowe mguu mmoja. Kila mkao sekunde 10, ukiongeza hadi 30. Anza na kiganja kizima juu ya kabati, kisha vidole viwili, kimoja, halafu hakuna. Abaki kwenye mkao unaomyumbisha kidogo lakini anajirudisha mwenyewe. Asipoyumba hata kidogo hafundishiki kitu, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa huruma, wakamwacha mzee mwezi mzima kwenye zoezi alilokwisha kuliweza. Kwa Mama ongeza kugeuka: akiwa kwenye kabati azunguke kwa hatua ndogo ndogo nne au tano, miguu ikiinuka, asijisokote juu ya mguu mmoja uliobandika sakafuni. Akizoea, mwite jina lake kutoka nyuma naye ageuke hivyo hivyo.

Nguvu za miguu zinahitaji mambo matatu tu. La kwanza ni kusimama na kukaa kitini, mara 10, pumziko, mara 10 tena, na ashuke polepole akihesabu hadi tatu. Goti likimuuma, weka mto mgumu kitini ili aanzie juu. La pili, kuinuka kwa vidole vya miguu akishika kabati, mara 10 mbili. La tatu ndilo dawa ya nyonga: amesimama wima, anainua mguu kwenda kando bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10 kila upande. Mtu akiinamia upande mmoja ili mguu uinuke zaidi, misuli tunayoitaka inapumzika. Baada ya wiki mbili mfunge kizito kifundoni. Jaza soksi mchanga mkavu, ipime kwenye mizani ya duka, nusu kilo ya kuanzia, ifunge ndani ya soksi ya pili isivuje. Mpango wa Otago wa New Zealand, ambao wengi wetu tumejifunzia, hutumia vizito vya namna hiyo pamoja na usawa. Akimaliza mara 10 mbili bila kuhangaika, ongeza nusu kilo, si zaidi.

Nasisitiza hilo la nusu kilo. Binti wa yule mzee wa Kaloleni aliona baba anapanda vizuri, wiki ya nne akamtoa kilo moja hadi mbili siku moja. Kesho yake goti limejaa maji, na tulipoteza siku tisa. Paja likiuma siku moja au mbili baada ya zoezi ni kawaida. Kiungo kikivimba au kikiuma usiku, umepitiliza. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikikata hata akishaketi, acheni na aonwe na daktari siku hiyo.

Kwa saa zako za kazi ningeligawa hivi. Asubuhi, kama saa nne, dada wa kazi asimamie dakika 15 za yale yasiyo na ghafla: usawa kwenye kabati kila siku, na nguvu za miguu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ili misuli ipate siku ya kupumzika katikati. Siku nyingine aongeze kugeuka. Keti naye Jumamosi moja umfundishe kwa vitendo, kisha afanye yeye nawe utazame. Jioni, saa moja hivi kabla ya chakula, dakika 15 za saa ya hatua ni zako, na kama Mama ametoka kutembea apumzike kwanza. Siku sita za namna hiyo zinafika saa tatu kwa wiki, kiasi ambacho utafiti umekiona kuwa na faida kubwa. Msipoweza zote, msiache za jioni.

Mkongojo usimlazimishe ndani ya nyumba ambamo ana kabati na kuta. Nje, barabarani, auchukue hadi hatua ya kando iwe moja na yenye uzito. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia aurekebishe urefu, kwa sababu mingi ninayoiona mitaani imemzidi mwenyewe, ikampandisha bega. Mpini uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama wima mkono umening'inia.

Kuna la mwisho linalohusu hofu yake. Mara nyingi mzee anayeshika kuta haogopi kuanguka tu, anaogopa kubaki chini peke yake. Jumapili moja, mkiwa wawili, tandikeni mkeka na umfundishe kuinuka. Ageuke ubavu, ajiinue kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti, aweke viganja juu ya kiti, alete mguu wenye nguvu mbele ukanyage, ajisukume, ageuke na kukaa. Kama magoti hayamruhusu, msilazimishe. Afahamu tu kujiburuta hadi mlangoni na kugonga, na simu ikae mfukoni mwa gauni.

Rudia zile namba mbili baada ya wiki sita, na tena wiki ya 12. Mzee wa Kaloleni alianza na kusimama mara sita na sekunde nne juu ya mstari. Wiki ya kumi alifika mara 10 na sekunde 12. Katikati alianguka mara moja, wiki ya saba, mkeka wa sebuleni ulipojikunja, nasi tukautoa. Nakuambia hivyo ili Mama akijikwaa siku moja msidhani mmepoteza kazi yote. Ila mkiacha, nguvu hizi hupotea ndani ya wiki chache. Akiugua mafua akalala siku tano, anzeni tena ngazi mbili chini. Na Desemba mkienda ushago, ule utepe utie kwenye mkoba. Kule hakuna kabati la jikoni, lakini dirisha lenye chuma imara na kiti kizito vinatosha, na ua ulio mkavu una nafasi ya saa nzima.